Skrini ya kijani katika filamu ya wanafunzi: dalili za kasoro, vyanzo vyake na mambo ya kurekodi kabla mwigizaji hajaondoka

Katika kazi ya skrini ya kijani, mwigizaji hurekodiwa mbele ya kitambaa cha kijani, kisha mhariri hufuta kijani hicho na kuweka mandharinyuma iliyorekodiwa kwingine. Kasoro zake hugunduliwa mezani kwa mhariri, lakini karibu zote huzaliwa siku ya kurekodi, na kwa kawaida hugunduliwa wakati mwigizaji amekwisha kurudi kwao na taa zimekwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa kwa dalili anazolalamikia mhariri, huku kila dalili ikifuatiliwa hadi chanzo chake kwenye eneo la kurekodia, kuanzia chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi hadi kile cha nadra. Uchunguzi mwepesi umetangulizwa, kwa kuwa si haki kubadilisha taa ilhali tatizo ni kitambaa kisichopigwa pasi.

Tutatumia mfano mmoja. Wanafunzi wa chuo jijini Dar es Salaam wanataka picha ya sekunde 40: binti amesimama kwenye pantoni inayotoka Magogoni kwenda Kigamboni, jiji likionekana nyuma yake, naye anazungumza kwa simu. Picha inaanzia kiunoni kwenda juu na kamera haisogei. Hawawezi kurekodi mazungumzo pantonini, kwa kuwa injini zina kelele, abiria wanapita, na safari yenyewe ni ya dakika chache tu, haitoshi kurudia sehemu hiyohiyo mara nyingi. Wameamua kurekodi mandharinyuma pantonini na mwigizaji darasani. Darasa lina urefu wa mita 8, kitambaa ni mita 3 kwa 3, kamera ina sensa yenye upana wa milimita 23.5, na lenzi ni ya milimita 35.

## Kijani kinafutika upande mmoja na kubaki upande mwingine

Chanzo cha kwanza ni mwanga usio sawa juu ya kitambaa. Programu ya kuhariri huambiwa ifute rangi moja, nayo ikikuta kijani kilichokolea kona ya chini na kijani kilichopauka katikati, inaviona kama rangi mbili. Mhariri akipanua kiwango cha ufutaji ili kona nayo iondoke, anaanza kula nywele na mabega.

Jicho halitoshi kukagua jambo hili, kwa sababu jicho huzoea tofauti za mwanga upesi. Tumia `Zebra` ya kamera, yaani milia inayotokea kwenye skrini mahali mwanga unapofikia kiwango ulichochagua, au programu ya simu yenye kipengele hicho, uiweke kwenye kiwango cha 50, kisha fungua tundu la lenzi polepole ukiangalia kitambaa kitupu. Milia ikitokea juu ya kitambaa chote karibu kwa wakati mmoja, mwanga uko sawa. Ikitokea kwanza katikati na kuchelewa pembeni, taa ziko karibu mno. Zirudishe nyuma, na elekeza taa ya kushoto upande wa kulia wa kitambaa na ya kulia upande wa kushoto, ili miale ipishane badala ya kila taa kuwasha doa lake. Tofauti kati ya sehemu yenye mwanga mwingi na yenye mwanga mdogo isizidi nusu stopu, stopu moja ikiwa ni mwanga kuongezeka maradufu, na kitambaa kwa ujumla kikae kati ya 40 na 60 katika kipimo cha 0 hadi 100. Wanafunzi wengi hudhani kijani kinachong'aa zaidi ndicho bora, lakini kijani kilichozidi mwanga hupauka, na rangi iliyopauka ndiyo ngumu kufuta.

Chanzo cha pili ni mikunjo, kwa maana kila mkunjo ni kivuli chembamba. Kitambaa kipigwe pasi na kitundikwe usiku wa kuamkia kazi, kisha kivutwe kwa vibanio pande zote, chini nako pia. Cha tatu ni kivuli cha mwigizaji mwenyewe, ambacho dawa yake ni umbali, nao utajadiliwa katika dalili inayofuata. Cha nne ni nguo. Kanga na vitenge vingi vina ua la kijani mahali fulani kwenye pindo, na sweta za shule za kijani ni jambo la kawaida, kwa hiyo nguo zote, pamoja na herufi za begi na kava la simu, zipitishwe mbele ya kitambaa na kujaribiwa kabla ya siku ya kazi. Ikiwa vazi la kijani ni lazima kwa hadithi, badilisha kitambaa kiwe cha buluu badala ya kubishana na vazi, ukijua kwamba buluu itahitaji mwanga zaidi. Sensa za kamera nyingi zina vitundu viwili vya kupokea kijani kwa kila kimoja cha buluu na kimoja cha nyekundu, na ndiyo maana picha ya buluu huwa na chengachenga zaidi.

Kuna hofu moja isiyo na msingi, nayo ni kwamba kitambaa lazima kijaze fremu. Hakihitaji kujaza. Kinahitaji kuwa nyuma ya kila kingo ya mwigizaji muda wote, na vinginevyo mhariri huchora umbo kumzunguka na kutupa ukuta, stendi za taa na madirisha yaliyobaki nje. Kwa vifaa vya mfano wetu, upana unaoonekana ni karibu theluthi mbili ya umbali kutoka kwenye kamera. Mwigizaji akiwa mita 3 kutoka kwenye kamera, fremu inaona mita 2 mahali aliposimama. Kitambaa kikiwa mita 2.5 nyuma yake, yaani mita 5.5 kutoka kwenye kamera, fremu inaona mita 3.7, zaidi ya upana wa kitambaa. Hata hivyo mwigizaji mwenye upana wa mita 1 na viwiko vyake anafunika mita 1.8 tu za kitambaa. Akisogea, asitoke kwenye eneo la mita 1.5, na eneo hilo liwekewe tepu sakafuni.

## Mashavu, mabega na nywele vina rangi ya kijani

Kitambaa kilichomulikwa ni taa kubwa ya kijani, na kila kilicho karibu nacho hupokea mwanga wake. Chanzo kikuu, kwa hiyo, ni umbali mdogo. Mita 2 ndicho kiwango cha chini ninachokubali kwa picha ya kiunoni, na mita 2.5 au 3 ni bora. Darasa la mita 8 linatosha: mita 2.5 nyuma ya mwigizaji, mita 3 mbele yake hadi kwenye lenzi, na mita 2.5 zilizobaki ni za mpiga picha, monita na stendi. Ukiwa na chumba kifupi, usimsogeze mwigizaji kwenye kitambaa ili kamera ipate nafasi. Badala yake, punguza ukubwa wa picha, umwoneshe kuanzia kifuani kwenda juu.

Chanzo kinachofuata ni kitambaa chenye mwanga mwingi kuliko mwigizaji, ambacho hurekebishwa kwa kurudisha taa za kitambaa nyuma hadi kitambaa kiwe sawa na mwanga wa usoni au chini yake kidogo. Baada ya hapo kagua nyuso zinazong'aa. Ngozi iliyopakwa mafuta, hasa ngozi nyeusi ambayo mng'ao wake huonekana wazi zaidi, huakisi kijani kwenye ukingo wa shavu na paji la uso. Poda isiyo na mng'ao hupunguza tatizo hilo kwa kazi ya dakika mbili, wakati mhariri angelitumia saa nzima. Miwani na hereni kubwa zichunguzwe vivyo hivyo, mwigizaji akigeuza kichwa polepole kulia na kushoto huku mtu akitazama monita.

Chanzo cha nadra, lakini kinachosahaulika, ni sakafu. Vigae vyeupe vinavyong'aa mbele ya kitambaa hurusha kijani kutoka chini hadi kidevuni. Tandika shuka jeusi kati ya mwigizaji na kitambaa, mradi picha haioneshi miguu. Picha inayoonesha miguu ni kazi nyingine kabisa: kitambaa lazima kipinde na kuendelea sakafuni, kivuli cha miguu lazima kihifadhiwe, na kijani hupanda hadi magotini. Mwanafunzi anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza angefaa abadilishe mchoro wa picha yake kuliko kuingia huko.

## Kingo zina ngazi ngazi, na nywele zimekatwa kama kwa mkasi

Swali la kwanza la kumuuliza mhariri ni: faili hili lilikufikiaje? Ikiwa limepitia WhatsApp kama video ya kawaida, uchunguzi unaishia hapo, kwa sababu video imebanwa upya na taarifa za rangi kwenye kingo zimepotea. Omba faili halisi lililonakiliwa kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu au kwa waya.

Faili likiwa halisi, kagua namna kamera ilivyohifadhi rangi. Kwenye kompyuta yenye programu ya FFmpeg, andika hivi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,r_frame_rate,avg_frame_rate jaribio.mp4
```

Katika jibu tafuta `pix_fmt`. Likiwa na 420, kamera imehifadhi mwangaza wa kila pikseli lakini rangi imehifadhi sampuli moja kwa kila pikseli nne, na ufutaji wa kijani hutegemea rangi, kwa hiyo ngazi unazoziona ni ukubwa wa sampuli hizo. Likiwa na 422, hali ni nafuu zaidi. Simu nyingi na kamera nyingi za bei ya mwanafunzi hutoa 420, na si lazima ukate tamaa: rekodi katika 3840 × 2160 na kamilisha filamu katika 1920 × 1080. Picha ikipunguzwa hadi nusu kwa kila upande, kila pikseli inayobaki inakuwa na sampuli yake ya rangi. Katika jibu hilohilo linganisha `r_frame_rate` na `avg_frame_rate`. Zikitofautiana sana, kuna uwezekano mkubwa kwamba simu imebadilisha idadi ya fremu njiani, na sauti itaanza kuachana na midomo.

Kama faili ni zuri na bado kingo ni mbaya, mara nyingi lawama ni ya kamera yenyewe kujitia ufundi. Kamera za simu na hata kamera kubwa hunoa picha kwa kuongeza mstari mweupe au mweusi kuzunguka kila kingo, na mstari huo haufutiki pamoja na kijani. Shusha `Sharpness` hadi chini kabisa kabla ya kurekodi, na uzime hali za urembo na za mandhari yenye ukungu. Baada ya hapo angalia chengachenga: ISO iliyopandishwa kwa sababu ya taa haba huzifanya nywele zichemke, na dawa yake ni kuongeza mwanga. Mwisho angalia ukungu wa mwendo. Kwa mwigizaji anayepunga mkono, kasi ya shata ya 1/100 badala ya 1/50 hutoa kingo safi zaidi, ingawa mwendo huonekana mkavu kidogo, nao ukungu unaweza kurudishwa baadaye wakati wa kuhariri. Tundu la lenzi la f/4 au f/5.6 linafaa, kwa maana kulifungua hadi f/1.8 kunayeyusha masikio na nywele za nyuma ndani ya kijani.

Nywele zilizosukwa ni rahisi kufuta. Nywele za afro zilizochanwa zina kingo laini zenye nyuzi nyingi, nazo zinahitaji kitambaa kisicho na alama wala mkunjo nyuma ya kichwa hasa. Ukilazimika kuchagua mahali pa kuweka sehemu nzuri ya kitambaa, iwe hapo.

## Mistari inapanda na kushuka juu ya picha, au mwanga unapwita

Umeme wa Tanzania, kama ule wa Kenya na Uganda, una mzunguko wa 50 kwa sekunde, na taa nyingi za ukutani na za bei nafuu hupwita mara 100 kwa sekunde. Simu iliyowekwa fremu 30 na shata ya 1/60 haiendani na mapwito hayo, nayo huchora mistari. Weka fremu 25 na shata ya 1/50 au 1/100, uifunge isibadilike. Katika kesi nyingi tatizo huisha hapo.

Lisipoisha, zima taa za darasa na uone kama mhalifu ni mojawapo yake. Kisha pandisha taa za LED hadi nguvu yake yote, kwa kuwa baadhi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima upesi upesi, na kasi hiyo haifuati umeme wa ukutani. Taa ya namna hiyo hupunguzwa kwa kuisogeza mbali. Ikiwa umeme umekatika na mnatumia jenereta ndogo, mzunguko wake unaweza kuyumba kila mzigo unapobadilika, na hakuna shata itakayoufuata. Hapo tumieni taa za betri au mwahirishe.

Hapa ndipo onyo la kwanza la kusimamisha kazi lilipo. Taa za halojeni za wati 1000 bado hutumika vyuoni, na plagi ya kawaida ya ampea 13 kwenye volti 230 ina kikomo cha karibu wati 3000, kwa hiyo taa tatu za namna hiyo kwenye ekstensheni moja zimefika ukingoni. Ekstensheni ikiwa bado imeviringwa, joto hujikusanya ndani yake. Plagi ikiwa ya moto kwa kugusa, swichi kuu ikijizima zaidi ya mara moja, au kukiwa na harufu ya plastiki inayoungua, zimeni umeme kutoka kwenye swichi kuu, msichomeke upya, na mwiteni fundi umeme. Kufungua plagi au kubadilisha fyuzi kwa waya si kazi ya kikundi cha filamu. Vilevile balbu ya halojeni haiguswi ikiwa ya moto, na kitambaa kisikaribie taa hiyo.

## Kijani kimefutika vizuri, lakini mtu anaonekana amebandikwa

Hii ndiyo dalili inayowatesa zaidi, kwa sababu programu haioneshi kosa lolote. Mtazamaji anajua tu kwamba binti hayupo pantonini. Vyanzo vyake vitatu vikuu ni urefu wa kamera usiolingana, jua linalotoka upande usio wake, na lenzi tofauti, kwa mpangilio huo wa wingi. Vyote vitatu huzuiwa kwa kanuni moja: mandharinyuma irekodiwe kwanza, kisha darasa lifuate vipimo vyake.

Tuanze na urefu. Kamera isiyoinama juu wala chini huweka upeo wa macho katika urefu wa lenzi, na upeo huo humkata kila mtu aliyesimama kwenye sakafu hiyohiyo katika kimo kilekile. Wanafunzi wetu wakiweka lenzi mita 1.5 juu ya sitaha ya pantoni, upeo utapita karibu na pua ya binti mwenye kimo cha mita 1.65, na ukingo wa maji upande wa jiji utakuwa chini yake kidogo. Wakija darasani na kuweka lenzi mita 1.1 kwa sababu tripodi ilikuwa imefungwa hivyo, upeo halali ungempitia kifuani, lakini mandharinyuma bado inauonesha puani, na binti ataonekana kama jitu au kama amesimama ndani ya shimo. Pima kwa futi ya utepe kutoka sakafuni hadi katikati ya lenzi, pima mwinamo kwa programu ya pimamaji ya simu, na uandike namba zote mbili kabla pantoni haijafika ng'ambo. Darasani, bandika kipande chembamba cha tepu kwenye monita mahali upeo ulipo katika mandharinyuma. Jaribio hilo la tepu, pamoja na picha tulivu ya mandharinyuma kwenye simu iliyoshikwa kando ya monita, hukamata makosa mengi kuliko kifaa chochote cha bei kubwa.

Jua linafuata. Kigamboni iko kusini-mashariki mwa Magogoni, kwa hiyo kamera inayotazama jiji kutoka pantonini inaelekea takribani kaskazini-magharibi. Saa mbili asubuhi jua liko mashariki, yaani nyuma ya kamera upande wa kulia, na humulika uso wa mwigizaji kutoka kulia mwa picha. Saa kumi na moja jioni liko magharibi, mbele ya kamera upande wa kushoto, na humpa mwigizaji mstari wa mwanga begani huku uso ukibaki kivulini. Hayo ni mazingira mawili tofauti ya taa, na ni lazima moja lichaguliwe. Adhuhuri iachwe, kwa kuwa jua la Dar es Salaam huwa karibu na utosi na huchimba vivuli machoni.

Urefu wa jua hupimwa kwa fimbo. Simamisha fimbo ya mita 1 penye jua na upime kivuli. Kikiwa mita 2, uwiano ni moja kwa mbili, na darasani taa inayoigiza jua itawekwa, kwa mfano, mita 3 kutoka kwa mwigizaji kwa mlalo na mita 1.5 juu ya uso wake, upande wa kulia wa kamera. Taa hiyo iwe ndogo na bila kitambaa cha kulainisha, kwa maana jua kali hutoa kivuli chenye ukingo. Upande wa kivuli ujazwe na mwanga laini, na kiasi chake hakikisiwi: akiwa pantonini, mmoja wa wanafunzi asimame mahali pa mwigizaji kwa sekunde kumi akiwa ameshika kadi ya kijivu, ageuke kulia, ageuke kushoto. Kipande hicho kifupi kinaonesha rangi ya mwanga, ukali wa kivuli na tofauti ya pande mbili za uso, na darasani taa hurekebishwa hadi uso wa mwigizaji ufanane nacho. Mizani ya weupe ifungwe kwenye namba ileile katika maeneo yote mawili, mfano 5600K, isiachwe ijiamulie.

Lenzi iwe ileile kwenye kamera ileile. Kama lazima kamera zibadilike, kumbuka kwamba milimita 35 kwenye sensa ndogo na milimita 35 kwenye sensa kubwa haziioni dunia kwa upana mmoja, kwa hiyo andika urefu wa lenzi pamoja na jina la kamera. Mandharinyuma irekodiwe ikiwa kali yote, kwa sababu mhariri anaweza kuongeza ukungu lakini hawezi kuuondoa.

Pantoni ina zawadi moja kwa anayepanga kazi hii. Kwa kuwa kamera na mwigizaji wanadhaniwa kuwa kwenye sitaha moja, mwigizaji hutulia ndani ya fremu huku jiji likiyumba nyuma yake, na hivyo ndivyo hali halisi ilivyo. Sharti ni kwamba tripodi isimame sitahani. Mandharinyuma iliyorekodiwa kwa mkono huyumbisha hata reli ya pantoni, na reli ikiyumba wakati binti aliyeiegemea hayumbi, uongo unafichuka. Rekodini safari nzima bila kukata, maana sekunde 40 zilizorekodiwa kwa sekunde 40 hazimwachii mhariri pa kuchagua.

Kibali kitafutwe mapema kupitia Bodi ya Filamu Tanzania na wasimamizi wa kivuko, kwa kuwa Magogoni iko jirani na Ikulu. Mkikatazwa na mlinzi au askari, zimeni kamera na mmwachie msimamizi wa chuo azungumze.

## Mandharinyuma inateleza wakati kamera inasogea

Kamera ikigeuka juu ya tripodi bila kuhama, alama chache za tepu kwenye kitambaa hutosha, za kijani kilichokolea au kupauka kuliko kitambaa, zikitawanywa ili chache zionekane katika kila fremu na zisikae nyuma ya nywele. Kamera ikihama, vitu vya karibu hupita upesi kuliko vya mbali, na alama zote zikiwa kwenye ukuta mmoja programu haiwezi kujua kina. Baadhi ziwekwe kwenye stendi kati ya mwigizaji na kitambaa. Lenzi isivutwe ndani wala nje katikati ya picha.

Ikiwa mchoro wenu unataka kamera ihame huku mandharinyuma ikiwa video na si picha tulivu, simameni hapo na mmtafute mtu aliyewahi kukamilisha kazi ya namna hiyo, aione ramani ya picha kabla hamjakodi kitu. Akija baada ya kurekodi, atakachoweza kukifanya ni kidogo sana.

## Mhariri anaomba kitu ambacho hakikurekodiwa

Kitu kinachoombwa mara nyingi zaidi ni picha ya kitambaa kitupu: sekunde tano, mwigizaji akiwa ametoka nje ya fremu, taa, tundu la lenzi na tripodi zikiwa hazijaguswa. Baadhi ya programu huitumia kujua kijani kilivyotofautiana kutoka kona hadi kona, na hivyo husamehe nusu ya makosa ya dalili ya kwanza. Hurekodiwa kila taa inaposogezwa, si mara moja kwa siku. Kinachofuata ni karatasi ya vipimo: jina la kamera, lenzi, tundu, shata, ISO, mizani ya weupe, urefu wa lenzi kutoka sakafuni, mwinamo, umbali hadi kwa mwigizaji na umbali hadi kwenye kitambaa. Karatasi ikipotea, picha ya simu ya chumba kizima iliyopigwa kutoka pembeni, futi ya utepe ikiwa imesimamishwa kando ya tripodi, inaweza kuokoa karibu namba zote za umbali. Kwa tukio letu ongeza upepo: nywele za mtu aliye pantonini hupeperuka, kwa hiyo feni inahitajika upande unaolingana na upepo wa mandharinyuma, na kwa kuwa feni ina kelele, mazungumzo yarekodiwe tena feni ikiwa imezimwa mara baada ya picha kukubalika.

Jaribio lifanyike kabla mwigizaji hajavaa. Rekodi sekunde tano za mtu yeyote, hamishia kwenye kompyuta mpakato, futa kijani kwa DaVinci Resolve ya bure au Blender, na uweke mandharinyuma halisi. Ikiwa inahitaji marekebisho zaidi ya yale ya msingi ili ionekane safi, rudi kwenye taa.

Pakiwa hakuna jaribio na kasoro imegunduliwa baadaye, njia inayobaki ni kuchora kingo za mwigizaji kwa mkono fremu kwa fremu. Sekunde 40 kwa fremu 25 ni fremu 1000. Kwa fremu 50 zenye mkono uliotoka nje ya kitambaa, kazi hiyo inavumilika. Kwa zote 1000, zungumzeni na mwalimu kuhusu kurekodi upya, na kama karatasi ya vipimo ipo, chumba kinaweza kupangwa tena kama kilivyokuwa kwa asubuhi moja.